Nililipa Mapema, Wakanitoza Faini

Subira yangu ilikatika Ijumaa moja saa nne asubuhi, mama mkwe wangu alipofungua pindo la leso yake mlangoni kwangu na kuniambia ameuza bata wake wote ili nisifungwe.

Alikuwa ametoka kijijini kwake Ozi alfajiri. Alivuka mto, akadandia pikipiki hadi barabarani, akapata gari la kuja Garsen, na njia nzima hakumwambia mtu aendako. Mwanamke yule hasafiri hovyo. Huja kwangu Idi ikipita na mtoto akiugua, basi. Nilipomwona amesimama pale, miguu imejaa vumbi, nilijua kuna mtu amekufa.

"Nani?" nikamuuliza.

"Hakuna, mwanangu. Nimeleta pesa ya polisi."

Alizihesabu kitandani kwangu. Elfu mbili na mia tano. Bata kumi na moja, na mmoja alikuwa anaatamia. Akaniambia mwanamume amempigia simu jana, mwanamume mwenye sauti nzuri kama ya redioni, akamwuliza kama yeye ni mama yangu. Alipoitika akaambiwa mimi ni mwizi wa cherehani, nimejificha, na Jumatatu watakuja na polisi kuichukua na kunichukua na mimi. Mama akauliza mtoto wangu atabaki na nani. Yule mtu akamjibu, "Hiyo shida yenu, mama. Tafuteni elfu mbili mia nne."

Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa sakafuni akicheza na vibobini vitupu vya uzi. Nilimtazama yeye, nikazitazama zile noti. Mpaka siku hiyo nilikuwa naogopa tu. Kuanzia hapo nikawa naogopa huku nimekasirika, na hiyo ni hali nyingine kabisa.

Inabidi nieleze nilivyofika hapo.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, hesabu nikapata B. Nasema hilo kwa sababu baadaye watu wengi walinifanyia kama mtu asiyejua kuhesabu. Kushona nilifundishwa na shangazi. Mume wangu ni dereva wa trekta huko Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji, huja nyumbani mwisho wa mwezi akipewa ruhusa. Cherehani ya kukodi ilikuwa inanila. Kwa hiyo nilipopata kazi ya sare ishirini na sita za chekechea, wazazi wakatanguliza mia tatu mia tatu za kitambaa, nikaona wakati ndio huu.

Duka ni la mzee mmoja Msomali, watu wote humwita Hajji. Anauza majiko, magodoro, sola, na cherehani za miguu, zile ambazo stima ikipotea hazina habari. Mlangoni kwake alikuwa amekaa dada mmoja wa fulana ya rangi ya chungwa, si mfanyakazi wa Hajji, ni wa kampuni ya mikopo. Chukua leo, ulipe mara nne, ndivyo fulana ilivyosema mgongoni.

"Hakuna riba, my dear," akaniambia. "Hata moja. Hii ni halali kabisa."

Cherehani ilikuwa elfu ishirini na nne. Unatoa elfu sita papo hapo unabeba mzigo wako, halafu elfu sita kila baada ya wiki mbili, mara tatu. Wiki sita umemaliza. Nilimuuliza nikichelewa itakuwaje. Akasema kuna faini ya mia sita, na nyingine mia sita kila wiki ambayo bado hujalipa, lakini mimi nilivyo sitachelewa, ameshaniona usoni. Nikamuuliza, je, nikilipa mapema?

"Lipa hata leo yote! Kulipa mapema hakuna adhabu."

Maneno hayo nimeyashika kama yalivyo.

Alijaza kila kitu kwenye simu yake. Jina, kitambulisho, nambari yangu, na nambari ya ndugu wa karibu. Nikatoa ya mama mkwe, kwa sababu mume wangu akiwa shambani hapatikani. Mkataba ulikuja kwa simu, Kiingereza, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nikabonyeza nakubali. Hilo ni kosa langu na sitalificha. Nilikuwa na mtoto mgongoni, pikipiki ilikuwa inangoja kubeba cherehani, nikabonyeza.

Ilikuwa Jumanne. Malipo yote yangeangukia Jumanne.

Sasa, kosa langu la pili ndilo hasa nataka mlijue, kwa sababu sidhani mtu wa Nairobi angelifanya. Sisi wanawake kumi na wawili hapa mtaani tuna chama. Elfu moja kila mmoja kwa wiki, na kila wiki mmoja anabeba kapu zima. Na chama chetu kina desturi. Mtu akipata pesa nzuri wiki hii, hutoa zamu mbili pamoja, halafu wiki inayofuata anapumzika. Hakuna anayemgusa. Mwenyekiti akifika kwenye jina lake husema tu, "Huyu ametangulia," anapita. Ndivyo tulivyozoea, ndivyo mama zetu walivyofanya. Kutangulia ni heshima.

Kapu langu liliangukia wiki ya pili ya deni. Elfu kumi na mbili, noti mkononi. Nilijijua. Pesa ikikaa kwangu wiki mbili itakuwa dawa, itakuwa unga, itakuwa mchango wa harusi ya mtu. Kwa hiyo Jumanne ile ya wiki ya pili nilituma zote elfu kumi na mbili. Awamu ya pili na ya tatu. Meseji ikaja: Asante, tumepokea 12,000, salio lako ni 6,000.

Salio elfu sita. Awamu moja. Nikajiambia, wiki ya nne napumzika, wiki ya sita namaliza. Nilishona siku hiyo huku naimba.

Jumatano ya wiki ya nne, siku moja baada ya ile Jumanne niliyokuwa nimepumzika, ikaingia meseji kwamba nimekosa malipo na nimetozwa mia sita. Nikacheka. Huku kwetu meseji za matapeli ni nyingi kuliko za ndugu. Mara umeshinda gari, mara mwanao amelazwa tuma pesa. Nikaifuta. Wiki iliyofuata ikaja nyingine, nayo nikaifuta.

Kisha watu wa kampuni wakaanza kupiga simu. Mara tatu kwa siku, nambari tofauti tofauti. Hawakuniambia kosa langu ni nini, walisema tu, "Uko late, madam, utalipa lini?" Niliwajibu siku yangu ya mwisho ni Jumanne ya wiki ya sita na nitalipa. Wakanikatia simu. Hapo ndipo hofu ilipoanza, kidogo, kama maji yanayoingia chini ya mlango.

Jumanne ile nilituma elfu sita yangu ya mwisho, asubuhi na mapema, nikangoja meseji ya kwamba nimemaliza. Ikaja: Asante, tumepokea 6,000, salio lako ni 1,200. Kesho yake: salio lako ni 1,800. Wiki moja baadaye: salio lako ni 2,400.

Niliketi nikajumlisha mara nne. Sita, na kumi na mbili, na sita. Ishirini na nne. Nilijumlisha kwa chaki juu ya meza ya kukatia, nikafuta, nikajumlisha tena, kana kwamba jibu lingebadilika kwa kuogopa kwangu.

Nitawaambia hofu ilivyo. Nilianza kushona mlango umefungwa, na Garsen hii ya Februari mnaijua, bati linapiga kelele kwa joto. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na nyumba ilinisimamisha mguu juu ya pedali. Kichwa cha cherehani kinatoka kwenye meza yake, ni skrubu mbili tu, basi kila nilipotoka kwenda kisimani au sokoni nilikitoa, nikakifunga kwenye gunia la unga, nikakipeleka kwa jirani. Jirani akaniuliza, "Wewe, unakivusha mpaka?" Nikacheka naye. Nilikuwa na sare kumi na tisa bado, na pesa za wazazi zilishakuwa kitambaa. Cherehani ikienda, mimi ndiye nitakayekuwa nimekula pesa za watoto. Katika mji huu mdogo jina kama hilo halitoki. Fundi mwingine ataletewa kazi, mimi nitaletewa salamu.

Mume wangu sikumwambia. Alipopiga nilimwambia kazi inaenda vizuri.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mama mkwe alipofungua leso.

"Tulipe," akasema. "Mwanangu, tulipe yaishe. Mia moja itabaki ya kunirudisha."

"Nikilipa yaishe, mama, nitakuwa nimelipa nini?"

"Hofu," akasema. "Hata hofu hununuliwa ikaondoka."

Nilizikunja zile noti nikamrudishia mkononi, nikambeba mtoto, nikamwambia twende kwa Hajji kabla hajafunga kwenda msikitini.

Dada wa fulana ya chungwa hakuwepo. Alikuwa amehamishiwa Malindi, Hajji alisema. Nikamweleza Hajji yote, mbele ya wateja wawili wa majiko, sauti yangu ikipanda bila ruhusa. Nikamwambia kama cherehani ni yake aseme, na kama si yake aseme.

Hajji alivua miwani.

"Binti yangu, mimi hunidai na sikudai. Nilishalipwa siku ya pili. Wao walinitumia pesa yangu, mkabaki wewe na wao."

"Walikutumia elfu ishirini na nne?"

"Hapana! Elfu ishirini na mbili na mia nne. Elfu moja mia sita wanakata wao."

"Na mtu akija na pesa taslimu unamuuzia ngapi?"

Akatazama pembeni. Mmoja wa wateja wa majiko akacheka.

"Mwambie, Hajji. Wewe si mtu wa kuficha."

"Ishirini na mbili mia nne," akasema Hajji. "Sikukuficha, hukuuliza. Kampuni inataka mtu wa awamu aandikiwe ishirini na nne."

Kwa hiyo ile elfu moja mia sita iliyokuwa si riba, nilikuwa nimeilipa mimi. Haikuitwa jina lolote. Ilikuwa imefichwa ndani ya bei.

Nikiwa bado nameza hilo, simu ikalia. Nambari ya Nairobi. Mama mkwe alinishika mkono, kucha zake ndani ya ngozi yangu. Nikaweka sauti kubwa, nikaiweka simu juu ya kaunta, katikati ya birika na redio.

"Madam, leo tunalipa ama hatulipi?"

Ilikuwa ile sauti nzuri. Mama aliitikia kwa kichwa: ndiye.

"Cherehani ni bei gani?" nikamuuliza.

"Madam, mimi nauliza kuhusu—"

"Bei gani?"

"Ishirini na nne."

"Mimi nimewatumia jumla ngapi?"

Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Ishirini na nne."

"Basi nadaiwa nini?"

"Madam, system inaonyesha awamu ya tatu ilichelewa."

"Na ya nne?"

Vidole tena.

"Ya nne ililipwa mapema. Wiki nne kabla ya tarehe."

Hajji akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa.

"Subhanallah! Amepanda ngazi ya nne akasahau ya tatu? Huyu ni mbuzi?"

"Nani huyo?" ile sauti ikauliza.

"Ni mwenye duka," nikasema. "Endelea. Nilituma kumi na mbili. Ya pili na ya tatu."

"Hapana, madam. Ukituma zaidi ya inayodaiwa siku hiyo, ile ya ziada system inaipeleka awamu ya mwisho. Iko kwa mkataba. Tarehe ya katikati inabaki palepale. Kwa hiyo wiki ya nne ulitakiwa utume tena."

"Wiki ya nne nilitakiwa niwe nimetuma jumla ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na nilikuwa nimetuma ngapi?"

"Kumi na nane. Lakini madam, haifanyi kazi hivyo."

"Na ile sita ya juzi, ya wiki ya sita? Ilienda wapi?"

"Faini hulipwa kwanza. Ulikuwa na faini mbili, elfu moja mia mbili. Iliyobaki, elfu nne mia nane, ikaenda awamu ya tatu. Awamu ya tatu ikabaki na pungufu la elfu moja mia mbili, ndiyo maana faini zinaendelea. Jumatano itaongezeka nyingine. Jumatatu watu wetu wako njiani kuja huko, madam. Nakushauri kama dada yangu."

Akakata.

Nilipaswa kufurahi kwamba hatimaye nimeelewa, na sikufurahi. Mpaka dakika ile nilikuwa natumaini kuna makosa, mtu amebonyeza vibaya, ataomba radhi. Sasa nikajua hakuna aliyekosea. Mashine ilikuwa inafanya kazi jinsi ilivyotengenezwa, na ingeendelea kufanya hivyo kila Jumatano mpaka nizeeke. Kila nitakachotuma, faini itakula kwanza, deni litabaki na kipande, kipande kitazaa faini. Hajji akanivutia kigoda.

"Wakija Jumatatu hapa kuniuliza kwako ni wapi," akasema, "mimi sijui kwako. Miaka ishirini niko Garsen, sijui kwa mtu yeyote."

Mama mkwe hakucheka. Tulipokuwa tunarudi, jua kichwani, alinirudia tena na lile ombi lake, tulipe. Nikamwambia anipe mpaka Jumatatu.

Jumamosi nilikaa na mkataba. Mama alimchukua mtoto nje, nami nikausoma mstari kwa mstari, kamusi ya shule pembeni. Ile sentensi ilikuwepo kweli, ukurasa wa tisa: malipo ya ziada yatapunguza awamu ya mwisho. Niliisoma nikahisi aibu hadi masikioni. Kisha nikaendelea kusoma, kwa sababu aibu haikuwa imeniua. Ukurasa wa kumi na moja ulisema mteja mwenye malalamiko ayaandike, ayatume ofisi ya malalamiko, na wakati yanachunguzwa faini mpya hazitaongezwa. Hilo hakuna aliyeniambia kwenye simu, na walinipigia zaidi ya mara thelathini.

Halafu nikapiga hesabu nyingine, ile ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza. Bei taslimu ni 22,400. Nilitoa 6,000 papo hapo, kwa hiyo kweli kweli walinikopesha 16,400 tu. Nikawarudishia 18,000. Tofauti 1,600. Mtu atasema si kitu, ni kama shilingi kumi kwa mia. Lakini sikukaa na 16,400 wiki zote sita. Hata ningelipa kwa tarehe zao, wiki mbili za kwanza ningekuwa nazo zote, wiki mbili za pili kama elfu kumi na moja, wiki mbili za mwisho hazifiki elfu sita. Ukiigawa vizuri inakuja karibu shilingi tano kwa kila mia, kila wiki mbili. Mwaka una wiki mbili mbili ishirini na sita. Shilingi mia na ishirini na tano kwa mia! Na mimi niliyetangulia nililipia zaidi, kwa sababu pesa yao nilikaa nayo muda mfupi kwa gharama ileile. Kwangu ilikaribia shilingi sita. Ongeza zile faini nne, elfu mbili mia nne. Jumla ya gharama elfu nne, kwa mkopo wa elfu kumi na sita mia nne ambao sikuwahi kuwa nyuma yake hata siku moja. Karibu robo yake.

Hakuna riba, my dear.

Jumatatu niliamka nimekakamaa shingo. Nilitaka kukipeleka kichwa cha cherehani kwa jirani, nikakitoa, nikakitia guniani, kisha nikakirudisha mezani nikakaza skrubu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa naenda kuandika kwamba sikuiba kitu, na huwezi kuandika hivyo huku umekificha. Mama mkwe akasema atakaa mlangoni. Alitoa kiti, akaketi katikati ya kizingiti, mchi wa kinu mapajani.

"Mama, hao ni watu wa kampuni."

"Na mimi ni mtu wa Ozi," akasema.

Saiba ya pale stendi, lile duka la kompyuta, ni ya mama mmoja anayechapa barua za watu wote, za kuomba kazi na za talaka. Nilimsomea niliyoandika, akachapa. Mara moja aligeuka akaniuliza kama nina hakika na neno "vitisho". Nikamwambia nina mashahidi. Kila pikipiki iliyopita nje nilihesabu kama inaelekea kwangu. Tulipiga picha meseji zote tatu za malipo, na zile za faini za baadaye ambazo sikuzifuta, tukaziambatanisha. Tulituma kwa ofisi ya malalamiko ya kampuni, na nakala kwa ofisi ya serikali inayosimamia wakopeshaji. Aliponiambia bonyeza mwenyewe, kidole kilikaa hewani. Nilimfikiria mume wangu, na wale wazazi ishirini na sita, na watu walio njiani. Nikabonyeza. Nilipofika nyumbani mama alikuwa bado kizingitini, hakuna aliyekuja, na hiyo haikunifanya nisiogope Jumanne.

Barua ilikuwa hivi:

Kwa Ofisi ya Malalamiko.

Mimi ni mteja wenu wa Garsen, niliyenunua cherehani ya miguu kwa mpango wa kulipa mara nne. Nalalamika rasmi.

Kwanza. Kufikia tarehe ya awamu ya tatu nilitakiwa niwe nimelipa jumla ya shilingi 18,000. Nilikuwa nimelipa 18,000 wiki mbili kabla. Mliipeleka pesa yangu awamu ya nne bila kuniuliza, kisha mkanitoza kwa kutolipa ya tatu. Nakubali kwamba mkataba una sentensi hiyo na sikuisoma. Lakini wakala wenu aliniambia kulipa mapema hakuna adhabu, na meseji yenu ya kupokea pesa haikutaja kwamba tarehe ya katikati bado inanidai.

Pili. Malipo yangu ya mwisho mliyakata faini kwanza, deni likabaki na pungufu, na pungufu hilo mkalitoza faini tena. Nimelipa 24,000 zote. Shilingi 2,400 mnazodai ni faini tupu, nne za mia sita mia sita.

Tatu. Mlinitangazia kwamba hakuna riba. Bei ya taslimu katika duka hilo ni 22,400. Naomba mnieleze kwa maandishi 1,600 iliyozidi inaitwaje, na kwa nini haikuonyeshwa kwangu kama gharama ya mkopo kabla sijakubali.

Nne. Mlimpigia mama mkwe wangu, ambaye si mdhamini wangu wala hakusaini chochote. Mkamwambia mimi ni mwizi na mtaleta polisi. Kuchelewa kulipa deni si wizi. Hivyo ni vitisho, na mama yuko tayari kueleza mbele ya yeyote.

Nataka mfanye haya: mfute faini zote nne, mfunge hesabu yangu na mnipe barua ya kuonyesha nimemaliza, msipeleke jina langu kwenye orodha ya wasiolipa, mfute nambari ya mama mkwe wangu, na msimamishe faini mpya kuanzia leo kama ukurasa wa kumi na moja wa mkataba wenu unavyosema.

Mnijibu kwa maandishi. Msinipigie simu.